Kutoa vivuli: vekta tatu kwa njia ya Gram na Schmidt

Wanafunzi wangu wengi wanaojifunza njia ya Gram na Schmidt hukosea mahali pamoja: kwenye vekta ya tatu. Nitakokotoa mfano mmoja hadi mwisho ili kosa lenyewe lionekane.

Chukua a = (1, 1, 0), b = (1, 0, 1) na c = (0, 1, 1). Zinajitegemea, ila kila mbili zina nyuzi 60 kati yake. Tunataka msingi mpya wa nafasi hiyohiyo, ambao vekta zake zina pembe mraba kati yake na kila moja ina urefu wa 1.

Ya kwanza tunaiacha ilivyo: u = a.

Vekta b ina sehemu inayolala juu ya u. Mimi huiita kivuli. Tafuta b·u, ambayo ni 1, igawe kwa u·u, yaani 2, kisha zidisha jibu kwa u. Kivuli ni (1/2, 1/2, 0). Ukikitoa kwenye b inabaki (1/2, −1/2, 1). Mimi huzidisha kwa 2 hapohapo ili kuondoa namba za sehemu, maana pembe haibadiliki: v = (1, −1, 2). Hakiki: u·v = 1 − 1 = 0.

Sasa c. Kivuli chake juu ya u ni (1/2, 1/2, 0). Juu ya v, c·v = 1 na v·v = 6, hivyo ni (1/6, −1/6, 1/3). Toa vyote viwili, inabaki (−2/3, 2/3, 2/3), yaani mwelekeo wa w = (−1, 1, 1). Zao lake na u ni 0, na zao lake na v pia ni 0. Mwisho gawa kila vekta kwa urefu wake: √2, √6 na √3.

Kosa ni kutoa kivuli cha c juu ya b badala ya v. Utapata (−1, 1/2, 1/2), na ukiizidisha na u jibu ni −1/2. Sababu ni kwamba b bado imebeba kipande cha u, kwa hiyo kipande hicho unakitoa mara mbili.

Kwenye kompyuta kuna tatizo lingine. Jaribu (1, e, 0, 0), (1, 0, e, 0) na (1, 0, 0, e), e ikiwa 10⁻⁸. Kwa usahihi wa tarakimu 16 hivi, 1 + e² inahesabiwa kuwa 1 tu. Ukipima vivuli vyote kwenye vekta asilia, ya pili na ya tatu zinatoka zikiwa na nyuzi 60 kati yake badala ya 90! Dawa yake ni kutoa kivuli cha kwanza, kisha kupima cha pili kwenye baki. Kwenye karatasi majibu ni yaleyale, lakini kwenye mashine baki ya tatu inakuwa (0, −e/2, −e/2, e), na zao lake na ya pili, (0, −e, e, 0), ni 0.