Maazimio tisa au matatu?

"Kitu kikitajwa mara tatu kwenye dokumenti si ndo hoja tatu, au angalau ndo cha muhimu zaidi?"

Wengi tunaamini hivyo na inaeleweka, ila mara nyingi kurudia kunatokana tu na kukopi na kupesti. Chukua muhtasari wa kikao cha kikoba, sehemu ya maazimio ina mambo matatu: faini ya kuchelewa 2,000, mkopo mwisho miezi mitatu, hisa kila Jumamosi. Mtu kaipesti sehemu nzima mara tatu, ukihesabu mistari unapata maazimio tisa wakati kikao kilipitisha matatu tu.

Kucheki ni rahisi, chagua maneno machache yasiyo ya kawaida, mfano "faini ya kuchelewa", bonyeza Ctrl+F halafu pitia kila yalipotokea, soma na mistari ya juu na chini yake. Sehemu zikifanana kabisa bakiza moja tu.

Ila usifute kwa macho ya haraka (hapa ndo wengi wanateleza), maana nakala ya tatu inaweza kusema faini ni 5,000. Hiyo sio marudio tena, zitaje zote mbili na umuulize katibu ipi ilipitishwa.