Utitiri wa mbwa na paka: mwasho unaodhaniwa kuwa viroboto

Mbwa akianza kujikuna, neno la kwanza linalomtoka mwenye mbwa ni viroboto. Anamnyunyizia unga, anamwogesha kwa sabuni ya dawa, anangoja wiki nzima, na mbwa anajikuna vilevile. Ananunua unga mwingine. Huku nyuma ncha za masikio zinaota ukoko, na mtoto anayelala na mbwa huyo kwenye kochi anaamka na vipele tumboni. Ikifika hapo, anayestahili kushukiwa ni utitiri.

Utitiri ni jina la jumla la vidudu wadogo mno wa ukoo mmoja na kupe na buibui. Aliyekomaa ana miguu minane, hana mabawa, haruki, na urefu wake ni nusu milimita au chini ya hapo. Kiroboto ni mdudu wa ukoo mwingine kabisa: ana miguu sita, ana milimita 2 hadi 3, anakimbia juu ya ngozi, ananyonya damu na kuacha kinyesi cheusi katikati ya manyoya. Kinyesi hicho ndicho kipimo rahisi cha nyumbani. Chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia, dondosha vijipunje vyeusi kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vikitoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, na mnyama ana viroboto. Visipotoa rangi ni vumbi tu. Ila kuwa na viroboto hakumaanishi kuwa hana utitiri, maana wote wawili wanaweza kumpata mnyama mmoja kwa wakati mmoja. Hilo ndilo linalowapoteza wengi: wanamwona kiroboto mmoja, wanaacha kutafuta.

Kwa mbwa na paka, utitiri unaosumbua zaidi ni wa aina mbili. Kuna unaoishi ndani ya sikio, na kuna unaochimba ngozi na kuleta ugonjwa unaoitwa upele, au ukurutu kwa wengine.

Utitiri wa sikio hauchimbi. Unatembea juu ya ngozi ya tundu la sikio na kula mabaki ya ngozi na majimaji ya humo. Sikio linajibu kwa kutoa nta nyingi, nayo ikichanganyika na uchafu wa vidudu inakuwa kitu kikavu cha rangi ya kahawia iliyokolea, mfano wa masalio ya kahawa iliyochujwa. Paka, hasa wadogo, ndio wanaopata zaidi. Utamwona anatikisa kichwa, anakuna nyuma ya sikio mpaka manyoya ya hapo yanakatika, na wakati mwingine sikio linavimba kama mto kwa sababu mshipa mdogo umepasuka kwa kule kutikisa.

Ukitaka kuwaona, pangusa kwa pamba uchafu wa mdomoni mwa sikio tu, usiingize kijiti ndani. Upake kwenye karatasi nyeusi, weka chini ya taa kali, kisha tulia dakika moja au mbili ukitazama, kwa kioo cha kukuzia ukiwa nacho. Vidoti vyeupe vikianza kusogea, umewapata. Usipoona kitu bado hujamaliza, kwa kuwa maambukizi ya bakteria na fangasi nayo hutoa uchafu mweusi, na ni daktari wa mifugo mwenye kifaa cha kuchungulia sikio na hadubini anayeweza kutofautisha. Yeye pia ndiye anayejua kama kiwambo cha sikio ni kizima. Dawa ya matone ikimwagwa kwenye sikio lililotoboka kiwambo, baadhi ya aina zinaweza kumharibia mnyama usikivu au kumyumbisha.

Kuna jambo moja la paka ambalo huwachanganya hata wazoefu. Paka hulala amejikunja, mkia umefika kichwani. Utitiri wa sikio huhamia shingoni na kwenye shina la mkia, na mwasho wa shina la mkia ndio ishara ambayo kila mtu ameizoea kuwa ya viroboto. Kwa hiyo paka anayejikuna mkiani, asiyekutwa na kiroboto wala kinyesi chake, atazamwe masikio.

Upele wenyewe ni mzito zaidi. Kwa mbwa unaletwa na utitiri ambao jike lake hutoboa tabaka la juu la ngozi, akachimba kijishimo na kutaga humo. Kutoka yai hadi kidudu mzima ni kama wiki tatu. Mwasho ni mkali kupita ule wa viroboto, kwa sababu mwili wa mbwa unapambana na vidudu, mayai na uchafu wao uliomo ndani ya ngozi yenyewe. Unga unaonyunyizwa juu ya manyoya hauwafikii walipo.

Tazama pia mahali panapoanza kuwasha. Viroboto hupenda mgongo wa nyuma na shina la mkia. Upele wa mbwa huanza kwenye ncha za masikio, viwikoni, kwenye maungio ya miguu ya nyuma, kifuani na tumboni, yaani palipo na manyoya machache. Paka ana utitiri wake wa upele, ambao huanza kwenye kingo za masikio, ukashuka usoni na shingoni ukiacha ukoko mnene wa kijivu.

Nieleze kisa kimoja nilichokifuatilia kwa karibu. Mbwa wa miaka miwili alikaa siku kumi mahali pa kutunzia mbwa wakati wenyewe wamesafiri. Wiki tatu baada ya kurudi akaanza kujikuna usiku na mchana. Akapakwa dawa ya unga mara mbili, bila nafuu. Kisha akachomwa sindano ya steroidi ya kutuliza mwasho, akatulia siku chache, halafu hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Dawa za steroidi ndivyo zilivyo kwa ugonjwa huu: zinanyamazisha mwasho na kulegeza kinga, na utitiri unaongezeka kwa raha.

Alipopelekwa kwa daktari wa mifugo mwingine, ncha za masikio zilikuwa na ukoko wa manjano na viwiko havina manyoya. Daktari alishika ukingo wa sikio, akausugua kwa vidole viwili, na papo hapo mguu wa nyuma wa upande uleule ukaanza kukuna hewa. Mbwa wengi wenye upele hufanya hivyo. Akakwangua ngozi sehemu tano mpaka damu ikachungulia, akatazama kwenye hadubini, hakuona kidudu hata kimoja. Hapa ndipo wengi hukosea. Mbwa mwenye upele anaweza kuwa na vidudu wachache sana, na ukwanguaji huwakosa mara nyingi kama si nyingi zaidi ya unavyowapata. Jibu la "hakuna" halimwondoi utitiri kwenye orodha.

Kilichomwamulia daktari ni swali alilomuuliza mama mwenye mbwa: "Na wewe unawashwa?" Mama akapandisha mkono wa gauni. Ndani ya mkono, pale anapompakata mbwa, kulikuwa na vipele vidogo vyekundu, na tumboni vingine. Yeye alidhani ni viroboto. Lakini viroboto huwauma watu zaidi vifundoni na miguuni, kwa sababu hurukia kutoka sakafuni. Vipele vilivyokaa mahali mwili wa mtu unapogusana na wa mnyama vinaelekeza kwa utitiri.

Mbwa alipewa dawa ya kuua utitiri, na mbwa mwingine wa nyumbani ambaye alikuwa hajikuni kabisa naye akapewa. Hilo si hiari. Mnyama anaweza kubeba vidudu kwa wiki kadhaa kabla hajaanza kuwashwa, na ukimwacha atawarudishia wengine. Mwasho wa mbwa ulipungua taratibu ndani ya wiki nne, maana uchafu wa vidudu waliokufa hubaki kwenye ngozi mpaka ngozi ijivue. Vipele vya mama vilikauka bila dawa zaidi ya losheni ya kutuliza, wiki mbili baada ya mbwa kuanza kutibiwa.

Kwa nini vilikauka vyenyewe? Utitiri wa mbwa unaweza kumwingia mtu, kumtoboa na kumwasha, na vipele huweza kutokea ndani ya siku moja tu, lakini kwenye ngozi ya mtu haufanikiwi kuendeleza kizazi. Unakufa. Mtu anaendelea kuwashwa kwa sababu tu mnyama anaendelea kumpa vidudu wapya. Upele wa binadamu unaletwa na ndugu wa karibu wa utitiri huo, aliyezoea ngozi yetu: hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na sehemu za siri, huambukizwa mtu kwa mtu, na hauondoki bila dawa. Basi vipele vikikaa katikati ya vidole, vikiwapata watu wasiomgusa mnyama, au vikiendelea wiki tatu au nne baada ya wanyama wote kutibiwa, nenda kituo cha afya na uwaeleze habari za mnyama.

Utitiri wa sikio humpata mtu kwa nadra zaidi, na kwa kawaida ni vipele vya muda. Daktari wa mifugo wa Marekani, Robert Lopez, alitaka kuhakikisha. Alichukua utitiri kutoka sikio la paka akauweka ndani ya sikio lake mwenyewe, na mwaka 1993 akachapisha aliyoyapata: aliwasikia wakitembea na kukwaruza, mwasho ukawa mkali, na usiku ndio waliochangamka zaidi. Alirudia mara mbili, na kila mara dalili zikawa hafifu kuliko mara iliyotangulia.

Ipo aina nyingine, inayoishi kwenye vinyweleo vya mbwa na kumnyonyoa manyoya, hasa watoto wa mbwa. Hiyo haimwambukizi mtu, wala haina sababu ya kumtenga mbwa na familia. Ila kwa macho inafanana na upele, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka ngozi ikwanguliwe.

Kuhusu dawa, siku hizi zipo vidonge na matone ya kudondosha shingoni vinavyoua viroboto na utitiri kwa pamoja, vikipimwa kwa uzito wa mnyama. Usimgawie paka dawa ya mbwa. Permethrini, iliyomo kwenye matone mengi ya mbwa, humtetemesha paka na inaweza kumuua. Aivamektini nayo ni hatari kwa mbwa wa ukoo wa koli na jamii zao, ambao wengi huirithi kasoro inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Oili chafu ya gari, ambayo watu wengi bado humpaka mbwa mwenye upele, huchoma ngozi na humwingia tumboni anapojilamba.

Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, siku ileile dawa inapotolewa. Nje ya mwili, kwenye joto la kawaida la nyumba, utitiri wa upele huishi siku chache tu, ila kwenye baridi na unyevu hudumu zaidi. Kochi ambalo mbwa hulalia lipigwe kifyonza vumbi, na mtoto asililalie kwa wiki ya kwanza.