Dhuha haina kengele ya saa tatu

Ujumbe ule umenifikia tena. Safari hii umeletwa na Hajati mmoja anayeuza mivumba, yaani nguo za mitumba, katika soko la Owino hapa Kampala, mwanafunzi wangu wa darsa ya Jumamosi, na chini yake ameandika: "Ustadhi, basi mimi nimekosa miaka yote hii?" Ujumbe wenyewe mnaujua, maana bila shaka umepita kwenye simu zenu. Unasema swala ya sunna ya Dhuha ni saa tatu kamili asubuhi, rakaa kumi na mbili, dua yake ni hii hapa, na ukishaanza usithubutu kuacha, utapofuka au biashara itakufa. Mwisho, watumie watu kumi.

Hajati hufungua kibanda saa moja. Wateja wa jumla kutoka mikoani humbana hadi karibu saa tano, ndipo anapata nafasi ya kutandika mswala nyuma ya marobota. Kwa mujibu wa ujumbe huo, amekuwa akiswali swala iliyokufa. Nilipomjibu kwamba wakati wake ni sawa kabisa, tena bora kuliko wa huyo aliyeandika, hakuniamini. Ndiyo maana naandika.

Dhuha haifungwi na saa ya ukutani. Inafungwa na jua. Wakati wake unaingia jua likishapanda kadiri ya mkuki mmoja juu ya upeo wa macho, na unaisha kabla jua halijasimama katikati ya mbingu. Hapa kwetu jua hupanda karibu wima, kwa hiyo huo mkuki hauchukui muda: dakika 15 baada ya macheo zinatosha, na mimi huwaambia watu 20 ili wasibishane. Mwisho wake, ondoa dakika kama 10 kabla ya adhuhuri. Kati ya hapo na hapo una zaidi ya saa tano. Huyo mwenye saa tatu kamili amezitupa zote, akabakiza dakika moja.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu ninalopewa kila nikisema hivyo: "Ustadhi, sisi tuko ikweta, jua letu halibadiliki." Jiwe la ikweta liko Kayabwe, kweli, na kweli urefu wa mchana wetu haubadiliki sana. Lakini mchana wote mzima husogea kwenye saa, mbele na nyuma, kwa nusu saa hivi kwa mwaka. Katikati ya Februari jua la Kampala huchomoza karibu saa moja kamili, na hupita utosini karibu saa saba na dakika nne. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na hupita utosini karibu saa sita na dakika 33. Sasa mchukue Hajati. Februari, akitandika mswala saa sita na nusu, yumo ndani ya Dhuha bila wasiwasi wowote. Novemba, saa sita na nusu ile ile, ameangukia katika wakati uliokatazwa kuswali sunna kama hii, jua likiwa limesimama. Kibanda ni kile kile, saa ni ile ile, hukumu mbili tofauti.

Halafu kuna wenye kalenda za Mombasa. Ndugu zangu, saa tunayotumia Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo hauko hata Kenya, uko Somalia. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kampala iko kwenye nyuzi 32 na nusu hivi, kwa hiyo adhuhuri yetu kwa wastani ni saa sita na dakika 50. Mombasa wanaipata karibu nusu saa kabla yetu. Aliyezoea kusikia kwa shemeji yake wa Mombasa kwamba saa sita Dhuha inafunga mlango, huku Kampala anaufunga mlango ungali wazi. Na Kasese wana dakika kumi zaidi ya sisi. Tazama macheo na adhuhuri za mji wako, siku hiyo, uongeze 20 huku na kutoa 10 kule. Hesabu imekwisha.

Sasa, kuingia wakati ni jambo moja na wakati bora ni jambo lingine. Zaid bin Arqam aliona watu wakiswali Dhuha mapema, akasema hakika hawa wanajua kwamba kuswali katika saa nyingine ni bora zaidi, kisha akataja kauli ya Mtume, rehema na amani zimshukie: swala ya wenye kurejea kwa Mungu ni pale ndama wa ngamia wanapounguzwa na joto la mchanga. Imo katika Sahihi ya Muslim. Owino hakuna ndama wa ngamia, na msimu wa mvua hata lami haichomi. Mimi hutumia kijiti. Kisimike wima pahali pa jua. Kivuli kikikaribia kuwa sawa kwa urefu na kijiti chenyewe, jua liko takriban nusu ya safari ya kupanda, yaani kiasi cha saa tatu tangu macheo. Huo ndio wakati ninaoupenda. Februari unaangukia karibu saa nne, Novemba karibu saa tatu na nusu. (Usichanganye na alasiri, ambayo nayo twaipima kwa kivuli. Cha asubuhi kinalala magharibi.)

Hapa nikiri kitu. Mashafii wetu wanasema wakati uliochaguliwa ni ikipita robo ya mchana, ili kila robo iwe na swala yake. Mimi nimehesabu mchana kuanzia macheo. Ukiuhesabu kuanzia alfajiri, kama unavyohesabiwa katika kufunga, robo hiyo ya Februari inakwisha saa tatu na dakika chache. Nashuku huko ndiko saa tatu ya watu ilikozaliwa: mwalimu fulani alisema "kama saa tatu hivi," wanafunzi wakadondosha "kama" na "hivi." Kwa hiyo anayeswali saa tatu simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayemwambia Hajati kwamba saa tano amechelewa, ilhali ndama wa ngamia wa Zaid saa tano ndipo wanapotafuta kivuli.

Rakaa sitakaa nazo sana. Chini kabisa ni mbili, na ndizo Mtume alizomuusia Abu Huraira. Bibi Aisha alisema Mtume alikuwa akiswali nne na kuongeza apendavyo Mwenyezi Mungu. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, alioga nyumbani kwa Umm Hani akaswali nane. Umm Hani anasema hajamwona akiswali swala nyepesi kuliko ile, isipokuwa alitimiza rukuu na sijda, na neno hilo nalipenda kwa ajili ya watu wa sokoni. Unatoa salamu kila baada ya mbili. Kumi na mbili zina hadithi ya kasri la dhahabu peponi, nayo ni dhaifu. Imamu Nawawi mwenyewe katika Minhaji ameandika zaidi yake ni kumi na mbili, na katika Majmuu akaishia nane. Ikiwa yeye amekaa pande mbili, sioni kwa nini ujumbe wa simu uwe na uhakika kuliko yeye.

Na kuna shaka ambazo huwa hazisomwi mimbarini. Wako wanazuoni waliosema zile nane zilikuwa shukrani ya ushindi, si Dhuha. Bibi Aisha huyo huyo amepokewa akisema hakumwona Mtume akiiswali, lakini yeye mwenyewe anaiswali. Ibn Umar aliiita bidaa. Wanaooanisha wanasema Mtume hakuidumisha mbele za watu akichelea isifaradhishwe, na Ibn Umar alikataa kuifanya kwa mkusanyiko msikitini. Kwangu uoanisho huo unatosha, ila sitajifanya kwamba riwaya hizo hazipo.

Twende kwenye dua. Ile ya kwenye ujumbe, Allahumma innad-dhuhaa dhuhauka, wal-bahaa bahauka, ni maneno mazuri: ee Mola, riziki yangu ikiwa mbinguni iteremshe, ikiwa ardhini itoe, ikiwa ngumu irahisishe, ikiwa ya haramu itakase. Imo katika vitabu vya Mashafii wa nyuma. Haikupokewa kutoka kwa Mtume. Ukiomba kwa maneno hayo hukukosea, maana dua ni dua. Ukisema "Mtume alisema," hapo umemsingizia. Kilichopokewa baada ya Dhuha ni kifupi zaidi. Bibi Aisha anasema Mtume aliiswali, kisha akasema: Allahummaghfir li wa tub alayya, innaka antat-Tawwabur-Rahim. Ee Mola, nisamehe na unipokelee toba, hakika Wewe ndiwe Mwingi wa kupokea toba, Mwenye kurehemu. Akayasema mara mia. Tazameni vizuri: hakuna riziki humo, hakuna wateja, hakuna robota. Nilipolisema hili darsani, kijana mmoja wa bodaboda alinung'unika kabisa, "Sasa Ustadhi, pesa iko wapi?"

Hajati alilalamikia mia. Tukapima kwa saa yake, taratibu, bila kumeza herufi: dakika nane. Akasema nane anazo, ila akitokea mteja atamalizia huku akikunja nguo. Nikamwambia ni sawa, dhikri haihitaji mswala.

Limebaki la kupofuka, nalo ni kongwe kuliko simu. Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka wa 806 Hijria, alisema limeenea kwa watu wa kawaida kwamba mwenye kuswali Dhuha kisha akaikata hupofuka, hata wengi wakaiacha tangu mwanzo kwa hofu hiyo. Akasema halina asili, na kwamba yaelekea ni shetani aliyelitia ndimini mwa watu awanyime heri. Mwanafunzi wake Ibn Hajar amelinukuu katika sherehe yake ya Bukhari. Zaidi ya miaka mia sita, na bado laingia Owino na mzigo mpya: siku hizi pamoja na macho linachukua biashara.

Ni sunna. Ukiiswali leo ukaiacha kesho, hakuna deni. Hajati alinijibu jana saa sita kasorobo: "Nimeswali nne. Macho yangu yako. Nimeufuta ule ujumbe, lakini nilikuwa nimeshawatumia saba."