Mvi zikigoma kushika rangi, usikimbilie volyumu 40

Mteja ana mvi pembeni mwa paji la uso, rangi imekaa kichwani dakika zote zilizoandikwa, na baada ya kuosha mvi bado zinang'aa. Wasusi wengi hapo huamua kwamba developa, ile krimu ya peroksaidi inayochanganywa na rangi, ilikuwa dhaifu, na mara ijayo wanachukua chupa ya volyumu 30 au 40. Matokeo huwa mabaya zaidi: nywele nyeusi zinageuka rangi ya kutu, mvi zinabaki na rangi nyepesi inayopitisha mwanga, na baada ya wiki chache za kuosha mteja anarudi. Kosa ni kudhani kwamba namba ya kwenye chupa ni nguvu ya rangi. Si nguvu ya rangi. Ni kiasi cha oksijeni.

Lita moja ya developa ya volyumu 20, peroksaidi yake yote ya haidrojeni ikivunjika, hutoa takriban lita 20 za gesi ya oksijeni. Maana ya volyumu ni hiyo tu. Chupa nyingine huandika asilimia badala ya volyumu, na ni vizuri kuzijua zote mbili: volyumu 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Kumbuka pia kwamba unywele haupati namba ya kwenye chupa. Ukichanganya gramu 60 za rangi na gramu 60 za developa ya asilimia 6, kilichomo kwenye bakuli ni asilimia 3. Kwa hiyo anayekadiria kwa macho na kumwaga developa zaidi kidogo ameshabadilisha mambo mawili bila kujua: ameongeza peroksaidi, na amepunguza rangi. Mimi bakuli naliweka juu ya mizani ya jikoni kila mara.

Ndani ya chupa developa ni tindikali, na hali hiyo ndiyo inayoituliza peroksaidi isivunjike kabla ya wakati. Inapokutana na amonia ya kwenye tyubu ya rangi, mchanganyiko unakuwa wa alkali, magamba ya nje ya unywele yanavimba na kuachia, na peroksaidi inaamka. Kuanzia hapo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuvunja melanini, yaani rangi ya asili ya unywele, na hiyo ndiyo inayopandisha ngazi, yaani kipimo cha wepesi wa rangi kinachoanzia 1 kwa nyeusi, kutoka nyeusi kwenda kahawia na kuendelea. Ya pili ni kuunganisha chembe ndogo za rangi, zilizopenya zikiwa karibu hazina rangi, ziwe chembe kubwa zilizokolea ambazo haziwezi kutoka tena kwa urahisi.

Sasa tazama unywele wa mvi. Hauna melanini, kwa hiyo kazi ya kwanza haina cha kufanya humo. Unachohitaji unywele huo ni magamba kufunguka, chembe za rangi za kutosha kuingia hadi ndani, na muda wa kuungana zikiwa huko ndani. Volyumu 20 inatoa oksijeni ya kukamilisha muungano huo kwa mwendo unaofaa. Volyumu 40 inaharakisha kila kitu: sehemu kubwa ya chembe huungana mapema, zikiwa bado nje au juu juu, na chembe iliyokwisha kuwa kubwa haiingii. Tena rangi zinazotengenezwa kwa ajili ya volyumu 40, zile za kupandisha ngazi nyingi kwa mara moja, huwa na chembe chache za rangi na huchanganywa sehemu moja kwa mbili. Zimeundwa kufifisha, si kufunika. Ukizipaka juu ya mvi utapata dhahabu nyepesi inayoonyesha weupe ulio chini yake.

Volyumu 10 nayo ina kasoro ya upande wa pili. Kwenye mvi chache zilizotawanyika inaweza kuzifunika kidogo, lakini kwenye mvi sugu za pembeni rangi haikomai vizuri na hufifia upesi. Mahali pake ni urefu wa nywele uliokwisha kupakwa rangi zamani, unapotaka kurudisha mng'ao bila kupandisha ngazi.

Kuhusu kupandisha, kwa rangi ya tyubu kwenye nywele ambazo hazijawahi kupakwa kitu, volyumu 20 hupandisha ngazi moja hadi mbili, 30 mbili hadi tatu, na 40 tatu hadi nne ikiwa na rangi zilizoundwa kwa kazi hiyo. Nywele zetu nyingi ziko ngazi ya 1 au ya 2, na kila ngazi inayopanda inafichua wekundu, halafu rangi ya machungwa, halafu njano. Ndiyo maana volyumu 40 kwenye nywele nyeusi haileti kahawia tulivu bali machungwa, na mashina ndiyo huwaka kuliko sehemu nyingine kwa sababu joto la ngozi ya kichwa linaharakisha kazi. Na kama nywele zilishapakwa kanta au rangi nyingine nyeusi ya kudumu, developa yoyote ukiichanganya na rangi ya tyubu haitaiondoa ile nyeusi. Rangi haitoi rangi. Hapo unaongeza namba, unaunguza unywele, na weusi uko palepale.

Chukua mfano wa mteja mwenye mvi asilimia 60 hivi, nyingi zikiwa pembeni na mbele, nywele zilizobaki ziko ngazi ya 2, na anataka kahawia ya ngazi ya 4 yenye wekundu wa mahogani. Zilizoota ni sentimita tatu. Ukimpaka mahogani peke yake, mvi zitatoka nyekundu ya kung'aa kama komamanga, kwa sababu hazina rangi ya asili ya kuibebea ile nyekundu. Kwa mvi zaidi ya nusu ya kichwa, weka nusu kwa nusu: gramu 30 za 4/0, ambayo ni kahawia ya asili, gramu 30 za mahogani ya ngazi hiyohiyo, na gramu 60 za developa ya volyumu 20. Hapa volyumu 20 inafaa pande zote mbili. Nywele nyeusi zinapanda kutoka 2 kuelekea 4, na mvi zinashuka kutoka weupe hadi 4, zikakutana. Ungetumia 30, zile nyeusi zingepita na kuwa na wekundu mkali, mvi zikabaki nyuma, na kichwa kingekuwa na rangi mbili.

Anza kupaka pale penye mvi sugu, pembeni na mbele, ili zipate muda mrefu kuliko zote. Tenga mistari membamba, kama milimita tano, maana kwenye nywele za kipilipili mstari mnene huficha mvi ambazo brashi haikuzifikia. Rangi ikae nene hadi usione ngozi. Muda uhesabu baada ya kumaliza mstari wa mwisho, si ulipoanza, na ufuate karatasi ya mtengenezaji. Kwa mvi nyingi husema dakika 35 hadi 45. Usifunike kichwa kwa mfuko wala usikiweke chini ya draya kama karatasi haijasema hivyo. Kabla ya kuosha, futa unywele mmoja wa pembeni kwa pamba yenye unyevu uutazame kwenye mwanga wa dirishani. Ukiwa na rangi ya kahawia iliyojaa, osha. Ukiwa kama kioo chenye rangi kidogo, muda haujatosha au rangi ilipakwa nyembamba ikakauka, na rangi ikikauka haifanyi kazi tena.

Mvi zikigoma hata hivyo, lainisha kwanza. Paka developa tupu ya volyumu 20 kwenye zile mvi sugu tu, ikae dakika 10 hadi 15, futa kwa taulo bila kuosha, zikaushe kwa hewa ya vuguvugu, kisha paka rangi yako kama kawaida. Magamba yanakuwa yameshalegea, na hukuhitaji kugusa chupa ya 40.

Madhara ya peroksaidi hayaishii kwenye melanini. Inaondoa tabaka jembamba la mafuta linalofanya unywele uteleze na kusukuma maji, kisha inashambulia vifungo vya salfa vinavyoshika protini ya unywele pamoja. Kifungo kilichovunjwa hivyo hakirudi. Kadiri asilimia inavyopanda na muda unavyorefuka, ndivyo vinavyovunjika vingi. Unywele wa kipilipili una mzingo bapa na mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia, kwa hiyo hauna akiba kubwa ya kupoteza.

Mteja aliyeweka dawa ya kulainisha nywele ana akiba ndogo zaidi, kwa sababu dawa hiyo nayo imeshabadilisha vifungo vilevile vya salfa. Kwake utaratibu ni dawa kwanza, wiki mbili zipite, ndipo rangi ya volyumu 20 kwenye mashina peke yake, na urefu upate volyumu 10 au rangi isiyo na developa kabisa. Volyumu 30 na 40 kwake simpi. Blichi simpi pia, hata ya volyumu 20. Nywele zilizowekwa dawa na kisha blichi hukatika pale zilipokutana mbili hizo, mara nyingi sentimita chache kutoka kwenye ngozi, ukichana zikiwa na maji.

Kabla ya kupaka chochote, lowesha unywele mmoja, ushike ncha mbili na uvute taratibu. Wenye afya unarefuka kiasi na kurudi. Ukirefuka kama ubani uliotafunwa usirudi, au ukikatika papo hapo, siku hiyo hakuna developa. Na jaribio la ngozi kwa saa 48, nyuma ya sikio, halina mbadala, maana mzio unatokana na rangi yenyewe wala haupungui ukishusha volyumu.

Ukiwa na chupa ya 30 na ya 10 tu, vipimo sawa vya kila moja vinakupa 20. Sehemu moja ya 40 na mbili za 10 vinakupa 20 pia. Kuongeza maji kwenye developa ya krimu kunashusha asilimia, ndiyo, lakini mchanganyiko unakuwa mwepesi, unachuruzika hadi shingoni na kuacha mvi bila kifuniko.

Mwisho, angalia chupa yenyewe. Developa iliyokaa dirishani kwenye jua la Dar au Mombasa, au iliyoachwa wazi, inapoteza oksijeni polepole, na chupa ya volyumu 20 inaweza kuwa imeshuka chini ya hapo bila kubadilika sura. Chupa iliyovimba inakwambia gesi imeshaanza kutoka. Ifungue taratibu ukiwa umeielekeza mbali na uso, na usiitumie kwenye mvi. Kilichobaki bakulini usikirudishe chupani, na usichanganyie rangi kwenye sufuria wala kijiko cha chuma. Chuma huivunja peroksaidi kabla haijafika kichwani.