Chumvi na sukari: mlango mmoja, funguo mbili

Mama analeta mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha tangu jana. Maji ya pakiti ya ORS amempa, tena kwa bidii, lakini choo kimezidi kuwa majimaji na mtoto analilia maji kila dakika. Ukimuuliza alivyochanganya, anakuonyesha chupa ya nusu lita. Pakiti ilikuwa ya lita moja. Alidhani ikikolea itafanya kazi haraka.

Kilichotokea kinaeleweka ukijua njia ya maji tumboni. Utumbo hauna pampu ya kuvuta maji. Maji hufuata chumvi inakokwenda. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini iitwayo SGLT1, ambayo ni kama mlango wenye funguo mbili: hupitisha chembe mbili za sodiamu, ile ya kwenye chumvi, pamoja na moja ya glukosi. Ufunguo mmoja ukikosekana, mlango haufunguki. Sodiamu na glukosi zikishaingia, maji huzifuata. Bahati nzuri ni kwamba hata kipindupindu, kinachoulazimisha utumbo kumwaga maji kwa fujo, hakiuharibu mlango huu.

Kwa hiyo maji ya chumvi tupu hupita njia hiyo kwa shida, na maji ya sukari tupu hayana sodiamu ya kutosha ya kuyavuta. Sukari ya mezani inafaa kwa sababu utumbo huikata, na nusu yake huwa glukosi.

Sasa turudi kwenye ile chupa. ORS iliyochanganywa sawasawa ina sodiamu na glukosi kwa viwango vilivyo sawa, milimoli 75 kila kimoja kwa lita. Ukijumlisha vyote vilivyoyeyuka humo unapata 245, wakati damu ina karibu 290. Kwa kuwa ni nyepesi kidogo kuliko damu, maji huelekea mwilini bila ubishi. Kwenye nusu lita, 245 inakuwa 490. Hapo utumbo ndio unaotoa maji ya mwili kwenda kuizimua, na mtoto anaharisha zaidi. Chumvi nayo inayoingia ni maradufu, ndiyo maana ana kiu isiyokatika. Soda na juisi tamu hufanya kosa hilohilo kwa upande wa sukari.

Mtoto huyu alianzishiwa pakiti mpya kwenye lita kamili, kijiko kidogo kila dakika moja au mbili kwa kuwa alikuwa akitapika.

Pakiti ikikosekana kabisa, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, kwenye lita moja ya maji safi. Onja kabla ya kumpa: yakizidi chumvi ya machozi, yamwage uchanganye upya. Mtoto akilegea, macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, usiendelee kuhesabu vijiko nyumbani. Mpeleke hospitali mara moja, huenda akahitaji dripu.