Hatua 8,000 ni kalori ngapi hasa?

Mteja wangu mmoja, muuza vitenge hapa Kampala, ana kilo 70. Simu yake ilimwambia kwamba hatua 8,000 zimechoma kalori 320, na akaanza kuzifidia kwa roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Hesabu ya namna hiyo hutokana na mkato wa kalori 0.04 kwa kila hatua, bila kujali aliyepiga hatua ni nani.

Tulianza na urefu wa hatua. Alitembea mita 50 zilizopimwa kwa utepe, mwendo wake wa kawaida, akapiga hatua 80. Kwa hiyo hatua moja ni sentimita 62.5, na 8,000 ni kilomita 5. Unahesabu kila mguu unaotua. Ukipima kutoka mguu wa kulia hadi wa kulia tena, umbali utatoka maradufu.

Kwa dakika alipiga hatua 112, yaani mita 70, au kilomita 4.2 kwa saa. Kilomita tano zilimchukua dakika 71. Fomula ya Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo hukadiria oksijeni anayotumia mtu, kwa mililita kwa kila kilo kwa dakika:

```
VO2 = 0.1 × kasi + 1.8 × kasi × mwinuko + 3.5
```

Kasi ni mita kwa dakika, na mwinuko huandikwa kwa desimali, asilimia 5 ikiwa 0.05. Kwenye tambarare anapata 7 + 3.5, jumla 10.5. Zidisha kwa kilo zake na kwa dakika za safari, gawa kwa 1,000, upate lita. Lita moja ya oksijeni ni takriban kalori 5, kwa hiyo safari nzima ni kalori 262 hivi.

Lakini ile 3.5 ni ya mwili uliopumzika. Angezitumia hata akikaa kibandani. Ukiiondoa, kutembea kwenyewe kumemgharimu kalori 175, na roleksi ya mayai mawili inazipita mbali.

Ukishaondoa mapumziko, kasi nayo hujifuta: anayekwenda haraka huchoma zaidi kwa dakika, ila hufika mapema. Inabaki hesabu ya kichwani, kilo mara kilomita, gawa kwa mbili. Inafaa kwa mwendo wa mita 50 hadi 100 kwa dakika. Ukikaza mwendo kupita hapo, gharama halisi huizidi.

Kampala, hata hivyo, si tambarare. Mwinuko wa asilimia 5 unaongeza 6.3 juu ya ile 7, karibu mara mbili, na fomula haina hesabu ya kuteremka. Anayepanda Kololo kila asubuhi anachoma zaidi ya anachoambiwa na hesabu hiyo ya kichwani.

Kibandani mambo hugeuka. Hatua za kugeukageuka kati ya marobota ni fupi, kwa hiyo usizizidishe kwa sentimita 62.5. Boda boda nayo, kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, inaweza kuitikisa simu ikahesabu hatua. Fungua mchoro wa hatua kwa saa, angalia muda uliokuwa umepanda, na hatua utakazozikuta hapo uzitoe kabla ya kuzidisha chochote.