Dimandi sio deni

Jana tena nimemsikia mwenye mashine ya kusaga anasema "wameniandikia madai ya elfu mia kadhaa wakati bili ya mwezi uliopita nimelipa yote". Aliona dimandi chaji kwenye bili akadhani anadaiwa. Hili neno la Kiingereza lina asili ya Kifaransa, na kule maana yake ni kuomba tu, ubabe wa "nataka changu" uliingia baadae kwa Waingereza. Kwa watu wa umeme limebaki na maana ya uhitaji, yani mzigo ulioubebesha mtandao kwa wakati mmoja. Yuniti ni jumla ya ulichotumia mwezi mzima, dimandi ni kile kilele.

Na kilele chenyewe sio ile sekunde mota inawaka na taa zinafifia, hapa wengi wanakosea. Mita inachukua wastani wa muda fulani, mara nyingi nusu saa, alafu inashika ile nusu saa iliyozidi zote. Kwa hio ukiwasha mashine zote pamoja nusu saa moja tu tarehe 3, utalipia hio mpaka mwisho wa mwezi hata siku zingine ukisaga na moja. Kupishanisha mashine kunasaidia kama zinapishana kufanya kazi, sio kuchelewesha swichi dakika mbili.

Sasa pawa fakta, yani sehemu ya umeme unaopita ambayo inafanya kazi kweli. Mota inahitaji umeme wa kujenga sumaku, unaenda na kurudi bila kusaga chochote, ila unapita kwenye waya na transfoma, ndo maana dimandi inahesabiwa kwa kVA, yani umeme wote unaopita, sio kW ambayo ni ule unaofanya kazi tu. Chukua kinu chenye kilele cha kW 80 na pawa fakta 0.7. Gawanya 80 kwa 0.7, unapata kVA 114. Tuseme kila kVA ni shilingi 15,000, hio ni kama milioni 1.7. Ukifunga kapasita, vifaa vinavyotoa ule umeme wa sumaku hapohapo kwenye kinu, za kama kVAr 55, kipimo cha umeme huo, pawa fakta ikafika 0.95, inashuka mpaka kVA 84, umeokoa karibu laki nne na nusu kila mwezi na unga ni uleule. Kenya kuna tozo juu yake pawa fakta ikishuka chini ya 0.9.

Ila kapasita ziwe na kidhibiti cha kuziwasha na kuzima kufuata mzigo, maana zikibaki zote wakati mashine zimezimwa pawa fakta inaharibika upande wa pili na volteji inaweza kupanda. Pia mota kubwa inayozunguka bila mzigo wa maana ni chanzo kikubwa cha hili tatizo, kabla ya kununua kapasita angalia kama unayo.

Kwa hio fundi akikuambia kapasita zitakupunguzia yuniti nusu, mwambie kwa upole kwamba yuniti zitabaki karibu palepale, kinachoshuka ni mstari wa kVA.